Maswali na Majibu: Tangazo la Siku ya Michezo Shuleni

Barua nyingi za wiki hii zinatoka kwa wazazi waliopokea tangazo la siku ya michezo na kubaki na maswali ambayo tangazo lenyewe lilipaswa kuyajibu. Nimechagua saba.

"Tangazo linasema watoto wenye ulemavu watashiriki kulingana na hali zao. Maana yake nini?" (Mzazi, Muheza)

Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyekaa akafikiri mtoto huyo atafanya nini siku hiyo. Niliwahi kualikwa kuwa mwamuzi katika shule moja ambayo tangazo lake lilikuwa na sentensi kama hiyo. Mvulana wa darasa la tano anayetumia kiti mwendo aliwekwa chini ya mwembe tangu asubuhi, na kila mwenzake aliyekwenda kukimbia alimwachia shati amshikie. Nilipompita saa nne alikuwa na mashati kumi na mawili mapajani. Mwalimu aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kijana huyo naye anashiriki kwa kuwatunzia wenzake nguo.

Mvulana huyo alikuwa na mikono yenye nguvu kuliko wengi uwanjani, kwa kuwa husukuma magurudumu yake kila siku kwenye njia ya mchanga. Angeweza kurusha. Kilichohitajika ni kiti chake kufungwa breki na kuzuiwa kwa kamba kwenye vigingi vilivyopigiliwa ardhini ili kisirudi nyuma anaporusha, mfuko mdogo wa mchanga wa kilo 1 badala ya tufe la chuma, na eneo la kutua lililochorwa chokaa na kulindwa ili mtu asikatize. Nikauliza kwa nini halikufanyika, nikajibiwa kwamba yuko peke yake, hana wa kushindana naye. Jibu la hoja hiyo ni viti vitano vya darasani: wenzake nao wakae, warushe wakiwa wameketi, na kila mmoja apimwe kwa futi ileile.

Kwa hiyo tangazo linalofaa hutaja mchezo kwa jina, hutaja nani ataucheza, na hueleza utachezwaje. Kwa mfano: "Kurusha mfuko wa mchanga ukiwa umeketi, wazi kwa wanafunzi wote wa darasa la nne hadi la sita. Mbio za mita 60 kwa wasioona, kila mkimbiaji na mwongozaji wake. Mbio zote zitaanzishwa kwa filimbi na kibendera kwa pamoja, ili wanafunzi viziwi waondoke mstarini sawa na wenzao." Mzazi akisoma hivyo anajua la kumwandaa mtoto, na anajua la kudai iwapo halikutendeka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja waziwazi katika ibara ya 30 haki ya mtoto mwenye ulemavu kushiriki michezo sawa na watoto wengine, ikiwemo ile ya shuleni. Rudisha tangazo hilo kwa mwalimu wa michezo umwombe aandike mchezo atakaocheza mwanao. Na kabla hujafanya hivyo, muulize mwanao anataka mchezo gani.

"Binti yangu haoni kabisa na mwalimu anasema atakimbia ameshikana kamba na mwenzake. Si ataanguka?" (Mama wa watoto watatu, Kilosa)

Anaweza kuanguka, kama anavyoweza kuanguka yeyote anayekimbia, lakini hatari kubwa haitokani na kutoona. Hutokana na mwongozaji aliyechaguliwa asubuhi ileile.

Kamba yenyewe iwe fupi na laini, isiyozidi sentimita 30 kati ya mikono yao. Kwa watoto napendelea kila mmoja aishike kwa vidole badala ya kufungwa mkononi, ili mmoja akijikwaa asimvute mwenzake chini. Mwongozaji awe na mbio kumzidi kidogo binti yako, kwa kuwa atakuwa anakimbia na kuzungumza kwa wakati mmoja: "nyooka, nyooka, kumi zimebaki, maliza." Hukimbia ubavuni mwake na hamvuti, na kwenye mstari wa mwisho binti hutangulia kuvuka. Jozi moja hupewa njia mbili za mbio. Wafanye mazoezi angalau wiki mbili, kwanza wakitembea, kisha wakikimbia taratibu, hadi mikono yao iliyoshika kamba iende mbele na nyuma kwa pamoja. Mikono ikipishana utaona kamba inakazika na kulegea na binti anapunguza mwendo, na hiyo ni dalili kwamba hawajawa tayari.

Jambo moja hukuuliza, nami naliona kila mwaka: spika za muziki. Zikiwa kando ya njia ya mbio, binti hasikii sauti ya mwongozaji, na hapo ndipo anapotoka kwenye mstari. Mwombe mwalimu aandike kwenye ratiba kwamba muziki utazimwa wakati wa mbio hizo na watazamaji watashangilia baada ya mstari wa mwisho.

"Michezo inaanza saa ngapi?" (Wasomaji kadhaa)

Saa iko kwenye tangazo lenu. Tafadhali lisomeni lote kabla ya kuniandikia.

"Shule itatoa maji au kila mtoto aje na yake?" (Baba, Morogoro)

Yote mawili. Mtoto aje na chupa iliyojaa na kikombe chake chenye jina, na shule iwe na maji ya kujazia. Tangazo linalosema "wazazi wahakikishe watoto wana maji" na kuishia hapo limewatupia wazazi kazi ya shule, kwa sababu chupa ya nusu lita huisha kabla ya saa tatu.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua shule yenye wanafunzi 480, michezo ikianza saa 1:30 asubuhi na kumalizika saa 5:00. Mtoto akinywa kikombe cha mililita 200 kila nusu saa, atakunywa vikombe saba, yaani karibu lita moja na nusu. Kwa watoto wote ni lita 720, sawa na ndoo 36 za lita 20. Ongeza nusu lita ya kunawa kwa kila mmoja, upate ndoo 12 zaidi. Ndoo 48 hazichotwi asubuhi ya siku ya michezo. Yajazwe jana yake, na ya kunywa yatibiwe jioni hiyo. Vidonge vya kutakasa maji hutofautiana nguvu, kwa hiyo someni pakiti ujue kidonge kimoja ni cha lita ngapi. Vingi huhitaji dakika 30, na maji yenye tope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi. Yawekwe kwenye ndoo zenye koki na mfuniko. Jagi moja linalochovywa na mikono mia nne ni njia ya uhakika ya kueneza kipindupindu.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Wapo watoto wenye ulemavu wa viungo ambao hawanywi maji kabisa siku ya michezo, na walimu hudhani hawana kiu. Wanajizuia kwa sababu choo kina ngazi mbili mlangoni, au kiko upande wa pili wa uwanja, na hawataki kumwomba mtu awabebe mbele ya wenzao. Utamtambua kwa chupa iliyojaa hadi saa nne, midomo mikavu, na mkojo wa rangi nzito pale atakapokwenda. Kumhimiza anywe bila kumtengenezea njia ya chooni ni kumwongezea mateso. Wekeni mbao imara ya kupandia kwenye ngazi hizo, teueni msaidizi mmoja wa jinsia yake ambaye mtoto mwenyewe amemkubali, na andikeni hivyo kwenye tangazo. Wekeni pia ndoo moja juu ya stuli fupi, koki yake ifikiwe na aliyeketi.

"Mwanangu ana ualbino. Nimwombee ruhusa asihudhurie kwa sababu ya jua?" (Shangazi mlezi, Singida)

Hapana, Shangazi. Omba zamu yake iwe mapema. Michezo yake yote inaweza kumalizika kabla ya saa tatu, na hilo ni suala la kupanga ratiba tu. Avae shati la mikono mirefu na kofia pana, apakwe losheni ya kuzuia jua nusu saa kabla ya kutoka, na irudiwe kila baada ya saa mbili na kila anapojifuta jasho.

Angalia pia kivuli atakachokaa. Turubai hufungwa saa moja asubuhi, na kufikia saa nne kivuli chake kimeshahama, viti viko juani, na hakuna aliyemwambia mtoto asogee. Mwalimu mmoja akabidhiwe kazi ya kuhamisha viti. Halafu kumbukeni kwamba watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu: mistari ichorwe chokaa nene, mpira uwe wa rangi inayong'aa, na mbio za asubuhi zielekee magharibi ili jua liwe mgongoni na si machoni.

"Lazima wavae raba?" (Mzazi, Tanga)

Si lazima, mradi walimu wametembea uwanja mzima kwa mstari siku iliyotangulia wakiokota vigae, chupa na miba na kufukia mashimo. Anayekimbia peku kwenye uwanja ambao haukukaguliwa azuiwe.

"Mdogo wangu ana kifafa. Tukiandika kwenye fomu atazuiwa kucheza, tukinyamaza tunaogopa. Tufanye nini?" (Dada mkubwa, Kigoma)

Andikeni, lakini kwenye karatasi ya pembeni anayopewa mwalimu wa michezo na mtoa huduma ya kwanza peke yao, si kwenye orodha inayobandikwa ukutani. Tajeni dawa anayotumia na saa ya kuimeza, lini alianguka mara ya mwisho, na dalili anazopata kabla. Mtoto ambaye kifafa chake kimetulia kwa dawa anaweza kukimbia na kucheza mpira. Kinachozidisha hatari ni kuruka dozi ya asubuhi kwa haraka ya kuwahi uwanjani, na kukosa usingizi usiku kwa furaha ya kesho yake. Michezo ya kupanda juu iachwe, na kuogelea kuwe chini ya macho ya mtu mzima aliye karibu naye muda wote, tena kwa ushauri wa daktari wake.

Akianguka, aondolewe vitu vya kumuumiza, awekewe kitu laini chini ya kichwa, asishikiliwe kwa nguvu, na mtu aangalie saa. Mtikisiko ukiisha alazwe ubavu hadi azinduke. Hakuna kijiko kinachoingizwa mdomoni, wala kitambaa, wala kidole. Tabia hiyo imevunja meno ya watoto wengi na haizuii mtu kumeza ulimi, kwa sababu ulimi haumezwi. Ukipita dakika tano, au ukirudi kabla hajazinduka, apelekwe kituo cha afya mara moja, kwa hiyo tangazo litaje gari lipi litakuwa limeegeshwa uwanjani na dereva wake ni nani.