Kugonga hewa mlangoni mwa kibanda

"Kibanda changu cha ndizi cha soko la Kilombero kina mlango wazi, ila mchezaji anagonga hewa. Au ni LOD, yaani zile nakala nyepesi za modeli za kuonekana kwa mbali?"

LOD hazihusiki, mkuu. Umbo la kugongana halibadiliki nazo. Umefunika kibanda kwa umbo moja la kugongana, lile la UCX, na Unreal hujaza uwazi wowote ndani yake. Kule Blender weka maboksi matano: kuta tatu, meza, paa. Jina la katikati lifanane kabisa na la modeli:

```
Kibanda
UCX_Kibanda_01
UCX_Kibanda_02
```

Endelea hadi 05, ingiza modeli upya Unreal, kisha washa Simple Collision uone mlango umefunguka.

Kwenye LOD1 punguza ndizi kwanza, paa liache, maana ndilo linaloonekana kwa mbali. Likiruka ukirudi nyuma, shusha Screen Size ya LOD1.