Usaha kwenye mkojo, vijidudu havionekani: je, yaweza kuwa TB?

SWALI: Dokta, nina miaka 29. Kila nikipima mkojo naambiwa seli za usaha ni nyingi, lakini wakiotesha hakioti kitu. Nimeshapewa sipro mara tatu. Tumbo la chini linauma, hedhi imepungua, na mwaka wa nne huu sijashika mimba. Sikohoi kabisa. Tatizo ni nini?

JIBU: Dada, "hakikuota kitu" maana yake ni kwamba havikuota vijidudu vya kawaida, vile vinavyojitokeza ndani ya siku moja au mbili. Kijidudu cha TB huota polepole mno, tena kwenye chakula chake maalumu. Huchukua wiki kadhaa. Kipimo ulichofanyiwa hakiwezi kukiona hata kama kipo.

Lakini tusianze na TB. Huenda ulipima ukiwa bado unameza dawa, au mkojo ulichanganyika na uchafu wa ukeni. Mawe ya figo, klamidia na kisonono navyo huleta usaha wa namna hii, kwa hiyo viondolewe kwanza, na mumeo apimwe pia. Sipro nayo acha kurudia: dawa za kundi lake hukipunguza nguvu kijidudu cha TB bila kukimaliza, kisha vipimo vinadanganya.

Kinachonifanya niifikirie TB ni maumivu, hedhi kupungua na kukosa mimba kwa pamoja. TB hutoka kwenye mapafu kwa njia ya damu, hata miaka mingi nyuma, ikatua kwenye mirija ya uzazi, mara nyingi yote miwili. Ndiyo maana kifua chako kinaweza kuwa safi hata kwenye eksirei.

Omba mkojo wa kwanza wa asubuhi, siku tatu mfululizo, upimwe TB kwa GeneXpert na kuoteshwa. Usipoonyesha kitu, bado uzazi haujasalimika. Daktari wa wanawake achukue kipande cha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi siku chache kabla ya hedhi, baada ya kuhakikisha huna mimba. Hapa ndipo kazi huharibika: kipande chote kinatumbukizwa kwenye formalini, nayo inaua vijidudu, basi hakuna cha kuotesha tena. Kigawanywe: nusu kwenye formalini kwa ajili ya hadubini, nusu kwenye maji ya chumvi safi kwa ajili ya GeneXpert na kuotesha. Picha ya mirija ya kusukumiwa dawa isubiri, maana inaweza kuchochea ugonjwa ulio hai.

Ikithibitika, tiba kwa kawaida ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Pima na VVU. Maumivu mara nyingi huisha, ila mirija iliyokwisha kufanya makovu haifunguki kwa vidonge. Ukishika mimba baada ya tiba, wahi ultrasaundi mapema, kwa sababu hatari ya mimba kutunga nje ya mfuko ni kubwa. Mirija ikiwa imeziba kabisa lakini ukuta wa mfuko uko salama, njia inayobaki ni kupandikiza mimba.