Swali la lugha: "Nadharia hii inafaa." Inafaa nini?

*Mwalimu, nafanya utafiti wa uzamili juu ya makosa katika insha za wanafunzi wa shule za msingi hapa Lamu. Nimeandika: "Nadharia ya Uchanganuzi Makosa imeteuliwa kwa kuwa inafaa kuliko nyingine." Msimamizi amepiga mstari na kuuliza, "Kwa nini?" Nirekebisheje?*

Kitenzi *kufaa* hudai kazi: inafaa kufanyia nini? Usipoitaja, msomaji hana cha kukubali wala kukataa. Na kazi hiyo itaje kwa data yako mwenyewe. Tuseme katika insha zako mtoto mmoja ameandika *kitwa* badala ya *kichwa*, mwingine *vyumba visafi* badala ya *vyumba safi*.

Uchanganuzi Linganishi, unaohusishwa na Robert Lado tangu 1957, hulinganisha lugha ya nyumbani na ile inayofundishwa, na unalieleza kosa la kwanza bila taabu: penye *ch* ya Kiswahili sanifu, Kiamu, lahaja ya Lamu, mara nyingi kina *t*, kama *mato* kwa *macho*. Kwa la pili unakwama, maana *visafi* haikutoka Kiamu. Mtoto ameitandaza kanuni ya upatanisho hadi kwenye kivumishi kisichopokea kiambishi. Uchanganuzi Makosa, ulioasisiwa na Pit Corder katika miaka ya 1960, huanzia kwenye insha yenyewe, kisha ndipo hutafuta chanzo cha kosa, kwa hivyo unayapokea yote mawili.

Sasa sarufi ya utetezi. Nadharia uliyoiacha hukuitumia, basi iandikie *-nge-*. Uliyoiteua iandikie wakati uliopo:

"Uchanganuzi Linganishi ungeeleza makosa yanayotokana na Kiamu, lakini usingeeleza yale ya kupanua kanuni, kama *vyumba visafi*. Uchanganuzi Makosa unashughulikia aina zote mbili."

Wengi huandika kwamba nadharia nyingine "ni dhaifu" au "imepitwa na wakati". Hiyo si sababu. Nadharia ya Vygotsky, kwa mfano, haina udhaifu wowote hapa. Ingehitaji uone mwalimu akimsaidia mtoto hatua kwa hatua, nawe una karatasi za insha tu. Andika hivyo hivyo. Ungekuwa na rekodi za darasani, pengine ndiyo ingekuwa chaguo lako.

Taja pia kikomo cha nadharia uliyoiteua, kabla msimamizi hajakutajia. Uchanganuzi Makosa hauoni kile mtoto anachokikwepa: anayeogopa virejeshi haviandiki, na insha yake itaonekana safi. Tena Corder alikuwa akizungumzia wanaojifunza lugha ya pili, ilhali watoto wako wengi wanatoka lahaja moja ya Kiswahili kwenda Kiswahili sanifu. Kwa hiyo eleza mapema kwamba *kitwa* unaiita kosa kwa kipimo cha insha ya shule pekee, kwa sababu katika Kiamu ni neno sahihi kabisa. Usipoandika hivyo, mtahini yeyote wa pwani ataanzia hapo.