Maswali na Majibu: Benki inasoma karatasi, haifungui kontena

Wiki hii maswali yote yanahusu barua ya muamana, ile ambayo wafanyabiashara na maofisa wa benki huiita LC. Wengi walioandika wanaleta mzigo kutoka nje kupitia bandari ya Dar es Salaam na kuupandisha Mwanza kwa lori au treni.

"Naleta nyavu kutoka Uchina. Muuzaji anataka asilimia 30 kwanza, halafu 70 kabla hajanipa karatasi za mzigo. Mwenzangu alilipa hivyo, simu ikazimwa. LC itanisaidia nini?"
*Muuza zana za uvuvi, Mwaloni Kirumba*

Itakuondoa kwenye hali ya kumtumia hela mtu usiyemjua ukabaki unasubiri huruma yake. Na muuzaji naye itamwondolea hofu ya kupakia mzigo wa mtu aliye mbali bila kujua kama atalipwa.

Tuchukue mfano wa oda ya marobota 400 ya nyavu kwa dola 120 kila moja, jumla dola 48,000. Unapeleka profoma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, benki yako hapa Mwanza na kujaza fomu ya maombi. Benki ikikubali inatoa LC, yaani ahadi yake yenyewe ya kumlipa muuzaji dola 48,000 akileta nyaraka zilizoorodheshwa, zikiwa sawa na masharti na ndani ya muda. Ujumbe huo unasafiri kwa mtandao wa SWIFT hadi benki ya kule kwake, ambayo inauthibitisha kuwa ni wa kweli na kumjulisha.

Tangu hapo muuzaji anajua anayemdai ni benki. Hata biashara yako ikiyumba, au ukapata nyavu za bei nafuu kwingine, huwezi kuifuta LC kivyako. Chini ya kanuni za UCP 600 za Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, zinazotumika tangu Julai 2007, haifutwi wala kubadilishwa bila muuzaji mwenyewe kukubali. Ndiyo maana anathubutu kununua nyuzi na kuanza kusuka.

Wewe kinga yako ni kwamba hela haitoki mpaka karatasi zithibitishe mzigo umepanda melini. Karatasi kubwa hapo ni bili ya shehena, ile BL inayotolewa na kampuni ya meli. Omba seti yote ya nakala halisi, kwa kawaida tatu, na iandikwe kwa amri ya benki yako. Mwenye BL hiyo ndiye mwenye haki ya kudai kontena Dar. Kwa hiyo muuzaji hawezi kupata hela huku BL bado iko mkononi mwake, na wewe huwezi kuchukua kontena bila kumalizana na benki.

Jiandae na jambo moja: benki itataka ushike sehemu ya fedha kwenye akaunti kama dhamana. Mteja mpya anaweza kuambiwa aweke zote. Mwenye historia nzuri au hati ya nyumba huwekewa kiasi kidogo.

"Kontena likifunguliwa nikakuta nyavu siyo nilizoagiza, benki itanirudishia hela?"
*Mama mwenye duka, Musoma*

Hapana, mama. Afadhali ulijue hili leo kuliko siku ya kufungua kontena. UCP 600 inasema wazi kwamba benki zinashughulika na nyaraka, hazishughuliki na bidhaa. Kama karatasi zimekaa sawa, benki italipa hata kama ndani ya marobota kuna matambara. Kinga yako basi ni ile tu uliyoiandika mwenyewe kwenye orodha ya nyaraka, ambayo kwenye ujumbe wa SWIFT wa MT700 ni kipengele 46A. Wengi huiacha tupu: ankara, orodha ya vifurushi, BL, basi. Ankara na orodha ya vifurushi anaziandika muuzaji mwenyewe, na kampuni ya meli inaandika kwenye BL kile ilichoambiwa kimo ndani ya kontena lililokwisha kufungwa.

Ongeza cheti cha ukaguzi kutoka kampuni isiyo ya muuzaji wala yako, na uitaje kwa jina: SGS, Bureau Veritas, Intertek au nyingine mtakayokubaliana. Kisha, na hapa ndipo watu wanapokosea, andika cheti kiseme nini. Ukiandika "cheti cha ukaguzi" tu, karatasi yoyote yenye jina hilo itapita, hata ikisema mkaguzi alikuta mzigo mbovu! Andika kwamba cheti kithibitishe mkaguzi alifungua marobota 20 kati ya 400 kabla ya kupakia, akakuta ni nailoni ya nyuzi nyingi zilizosokotwa, unene 210D/9, macho ya nchi 7, na idadi imetimia. Sema pia kisiwe na tarehe ya baada ya kupakia.

Kwa nyavu hili lina uzito wa pekee. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, monofilamenti, zimepigwa marufuku na sheria ya uvuvi ya Tanzania, na kwenye picha ya simu hutazitofautisha na za halali. Mkaguzi anayejua kazi anakata kipande, anausokotoa uzi kwa kucha mpaka nyuzi ndogo zifumuke, anazihesabu. Halafu analivuta jicho la wavu mpaka likaze na kulipima kutoka fundo hadi fundo. Nchi 7 ni karibu milimita 178. Akikuta 150, cheti hakitoki kama kinavyotakiwa, na bila cheti hicho hakuna malipo.

Ikiwa bidhaa yako ni ya zile zinazotakiwa kuwa na cheti cha ulinganifu cha TBS kabla ya kupakiwa, kitie nacho kwenye orodha. Utakihitaji forodhani hata hivyo, na muuzaji atakitafuta mapema akijua hela yake inakingoja.

Usiombe cheti kinachohitaji sahihi yako wewe. Baadhi ya washauri husema hivyo ndivyo unavyojilinda, lakini hapo umemnyima muuzaji kinga yake yote, maana unaweza kukaa kimya tu asilipwe kamwe. Muuzaji makini atakataa, na atakuwa na haki.

Pakiwa na utapeli wa wazi, mahakama inaweza kuzuia malipo. Msingi wake unatajwa sana kutoka kesi ya New York ya mwaka 1941: mnunuzi alidai kwamba aliagiza manyoya magumu ya nguruwe kutoka India, muuzaji akajaza kreti 50 manyoya ya ng'ombe na takataka. Mahakama ilikubali kwamba utapeli wa namna hiyo, ukijulikana kabla ya kulipa, unaweza kuizuia benki. Lakini ni lazima uuthibitishe, na uwahi. Mzigo wa ubora hafifu tu hauingii humo. Huo utamshtaki muuzaji kwa mkataba wenu, pembeni ya LC.

"Benki imenipigia inasema nyaraka za nyavu zangu zina kasoro, nikubali au nikatae. Tarehe ya mwisho ya kupakia ilikuwa 30 Juni, BL inasema 3 Julai. Muuzaji alileta nyaraka 18 Julai. LC inaisha 21 Julai."
*Mfanyabiashara, Nyakato*

Tuzipange tarehe. Nyaraka zenye BL halisi zinatakiwa kuletwa ndani ya siku 21 tangu kupakia, kama LC haikuweka muda mwingine, na kabla LC haijaisha. Kuanzia 3 Julai siku 21 zinafika 24 Julai, na 18 ni kabla ya 21. Hapo muuzaji yuko salama. Kosa ni moja tu: amechelewa kupakia kwa siku tatu. Linatosha kuiondolea benki wajibu wa kulipa.

Benki ina siku tano za kazi tangu kupokea nyaraka kuzikagua, na ikizikataa lazima itoe taarifa moja inayotaja kasoro zote. Ikisahau moja haiwezi kuirudia baadaye. Ndiyo maana wanakuharakisha, nawe usikae na jibu.

Kabla ya kujibu, omba kuona nakala za karatasi zote. Kama cheti cha ukaguzi kipo na kinasema ulichotaka, mimi ningekubali. Siku tatu hazijakuharibia chochote, meli iko njiani, na nyavu unazihitaji. Najua wapo wanaotumia kosa kama hili kumbana muuzaji apunguze bei kwa nguvu. Kuomba punguzo dogo si dhambi, lakini oda inayofuata atalirudisha kwenye profoma bila wewe kuliona. Ingekuwa kasoro ni cheti kukosekana, au ankara kuandika "nyavu za nailoni" bila maelezo ya LC, ningekataa na kumwambia arekebishe kabla ya 21 Julai. Maelezo ya bidhaa kwenye ankara yanatakiwa yalingane na ya LC.

Angalizo: kama kontena limefika Dar kabla ya nyaraka na ukaomba benki iidhamini kampuni ya meli ili uchukue mzigo, umeshakubali kasoro zote zitakazokuja. Pima hilo na gharama za ghala na demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, ambazo huanza kuhesabiwa siku za bure zikiisha.

"Muuzaji anasema benki yetu haijui, hataki LC yake. Nifanyeje?"
*Kijana muagizaji, Bukoba*

Hakutukani. Ahadi ya benki ina thamani kwa anayeiamini benki hiyo, na yeye pia anaogopa uhaba wa dola au vikwazo vya nchi. Omba LC ithibitishwe, yaani benki ya kwao au nyingine kubwa iongeze ahadi yake juu ya ya benki yako. Akileta nyaraka sahihi analipwa na benki hiyo, na wao watadaiana na benki yako. Ina ada, kwa hiyo mkubaliane mapema kwenye profoma nani anaibeba. Nimeona LC nzuri zikikwama wiki nzima kwa sababu ya sentensi hiyo moja kukosekana.

"Oda yangu ni dola 6,000 tu za vipuri vya injini za boti. Nifungue LC?"
*Fundi, Magu*

Mara nyingi haitakulipa. Kuna ada ya kufungua, inayohesabiwa kwa kila robo mwaka, ada za SWIFT, za benki ya kule na za kila badiliko, na nyingi zina kiwango cha chini hata kama mzigo ni mdogo. Uliza benki kuhusu utaratibu wa kukusanya malipo kwa nyaraka: muuzaji anatuma karatasi kupitia benki yake, na benki yako inakukabidhi ukilipa. Benki haiahidi kitu, kwa hiyo muuzaji anabeba hatari ya wewe kukataa, naye ataridhia kama mmeshafanya biashara. Kama hamjawahi, ungana na mafundi wenzako muagize kwa pamoja oda inayobeba ada ya LC, au muombe kwanza atume kipuri kimoja kwa ndege ukifunge kwenye injini uone.