Amm si mjomba: kutafsiri majina ya ukoo ya Kiarabu na Kiajemi

"Wakuu, nina hati ya mirathi ya Kiarabu na barua kadhaa za familia za Kiajemi za kutafsiri. Kila ukurasa kuna amm, khal, ibn amm, dai, amme. Mpaka sasa nimeandika mjomba, shangazi na binamu kote. Niko sawa? Na mteja akitaka Kiingereza niweke nini?"

Shangazi iache palipo na amma ya Kiarabu au amme ya Kiajemi. Hapo hujakosea, kwa sababu dada wa baba kwa Kiswahili ni shangazi tu, awe amemtangulia baba au amemfuata. Mjomba ifute kote isipokuwa palipoandikwa khal (Kiarabu) au dai (Kiajemi), maana mjomba ni ndugu wa kiume wa mama na hana upande mwingine. Amm ya Kiarabu na amu ya Kiajemi ni ndugu wa kiume wa baba, na huyo kwetu ni baba mkubwa au baba mdogo. Nadhani kosa limeingia kupitia "anko" ya mjini, ambayo siku hizi inambeba ndugu wa baba, ndugu wa mama, jirani na hata dereva wa daladala. Mtu akizoea anko, akitaka kuandika Kiswahili sanifu mkono unakwenda kwenye mjomba bila kufikiri.

Ugumu wenyewe unaanza hapa: Waarabu na Waajemi wanauliza upande, hawaulizi umri. Sisi kwa ndugu wa kiume wa baba na ndugu wa kike wa mama tunauliza vyote viwili. Hati ikisema amm, hujui kama ni mkubwa au mdogo wa baba, na usikisie. Ukiandika "baba mdogo" umeongeza habari ambayo haimo kwenye hati, na siku cheti cha kuzaliwa kikionyesha kuwa alizaliwa kabla ya baba wa marehemu, tafsiri yako itatiliwa shaka yote. Kama tarehe za kuzaliwa zimo kwenye faili, zilinganishe kisha uamue. Kama hazimo, pwani wametupa neno lisilouliza umri: ami, au amu kama wengine wanavyotamka, ambalo ni amm yenyewe. Msomaji wa Mombasa au Unguja atalielewa mara moja. Kwa msomaji wa bara andika "ndugu wa kiume wa baba" na uendelee nalo hivyo hivyo hadi mwisho wa hati. Khala ya Kiarabu na khale ya Kiajemi zina shida hiyo hiyo: ni mama mkubwa au mama mdogo, na umri usipojulikana andika "ndugu wa kike wa mama".

Kwenye mirathi kosa la amm na mjomba linagusa mali moja kwa moja. Tuseme hati inasema marehemu ameacha zawja, yaani mke, amm shaqiq na khal, hana mtoto wala mjukuu, wazazi na babu wamekwisha kufa, na hana ndugu wala watoto wa ndugu. Kwa hesabu ya Kisunni, mke anapata robo kwa kuwa hakuna mtoto. Amm shaqiq ni asaba, yaani anachukua kilichobaki baada ya wenye mafungu. Khal yuko katika dhawil arham, yaani ndugu wa damu wasio na fungu wala si asaba, na hapati kitu akiwapo asaba. Mali ikiwa milioni 8, mke anapata milioni 2, amm milioni 6, khal sifuri. Ukiwaandika wote wawili "mjomba", msomaji anaona wajomba wawili, mmoja amebeba milioni 6 na mwingine hana hata senti, na hapo ugomvi ni lazima. Ukiwapindua ndio umewaonyesha wenye hati kwamba mali imekwenda kwa asiyerithi.

Usiliruke hilo neno shaqiq. Linasema huyu amm na baba wa marehemu ni wa baba mmoja mama mmoja. Ungekuta amm li-ab, wamechangia baba tu. Huyo bado ni asaba, lakini akiwapo shaqiq hapati. Ungekuta amm li-umm, wamechangia mama tu, na huyo si asaba kabisa. Kwa hiyo "ami" tupu haitoshi kwenye hati ya namna hii. Andika "ndugu wa baba kwa baba na mama", "kwa baba tu" au "kwa mama tu", ingawa sentensi itarefuka. Na kama mirathi ni ya Iran, usishangae hesabu isipolingana na niliyoonyesha. Kwa sheria ya Kijaafari, ambayo ni ya Kishia, amu na dai wanarithi pamoja: wakibaki hao tu, upande wa mama unapata theluthi moja na upande wa baba theluthi mbili. Kazi yako si kusahihisha mafungu, ni kuhakikisha kila mtu amebaki upande wake.

Binamu nayo ina mtego wake. Asili yake ni bin amm, mtoto wa kiume wa ndugu wa baba. Lakini kwa Waswahili wengi leo binamu ni mtoto wa shangazi au wa mjomba, na mtoto wa baba mdogo au mama mkubwa ni kaka, dada au ndugu tu. Yaani neno limehama kutoka kwa mtu yule yule lililozaliwa kumtaja. Kiarabu kina majina manane yaliyo wazi: ibn na bint, yaani mwana na binti, kila moja likiunganishwa na amm, amma, khal na khala. Kiajemi vilevile: pesar na dokhtar zikiunganishwa na amu, amme, dai na khale. Ukiyatia yote manane kwenye binamu umefuta nusu ya habari. Kwenye hati andika kwa urefu: mwana wa ami yake, binti wa mjomba wake, mwana wa shangazi yake. Qurani yenyewe inawataja mmoja mmoja kwa mtindo huo katika 33:50, na wafasiri wa Kiswahili hawana haja ya kuwakusanya.

Kuna mahali "dada" haitafaa kabisa hata kama ndilo neno tunalotumia nyumbani. Barua ikisema mtu kamwoa bint amm yake, ambayo ni ndoa ya kawaida kwa Waarabu na Waajemi wengi, ukiandika "alimwoa dada yake, mtoto wa baba mdogo" msomaji wa bara atashtuka na kudhani kuna haramu. Andika "alimwoa binti wa ndugu wa kiume wa baba yake". Angalia pia kwamba Mmisri akimwita mkewe bint ammi huenda hawana udugu wowote; ni heshima tu, na hapo "mke wangu" inatosha.

Upande wa pili, lugha zetu zinakutana mahali pazuri sana. Katika Qurani 2:133 wana wa Yaakub wanamwambia watamwabudu Mungu wa baba zake Ibrahim, Ismail na Is-haka. Ismail hakumzaa Yaakub wala Is-haka. Ni kaka yake Is-haka, kwa hiyo kwa Yaakub ni amm. Mwarabu anahitaji maelezo ya mfasiri kwamba amm naye huitwa baba. Mswahili hahitaji, kwake Ismail ni baba mkubwa na sentensi imekaa sawa bila nyongeza.

Sasa maandishi yenyewe, maana hapa wanateleza hata wazoefu wanaofanya Kiarabu na Kiajemi kwa pamoja. Tazama herufi hizi: عمه. Kwenye barua ya Kiajemi hiyo ni amme, yaani shangazi. Kwenye hati ya Kiarabu hiyo ni ammuhu, yaani ami yake, mwanamume. Na خاله ni hivyo hivyo: Kiajemi khale, ndugu wa kike wa mama, Kiarabu khaluhu, mjomba wake. Juu ya hayo, wachapaji wengi wa Kiarabu, hasa Misri, huacha nukta mbili za herufi ya mwisho, kwa hiyo عمه inaweza kuwa imekusudiwa عمة, shangazi. Utajua kwa kitenzi na sifa zilizo jirani. Kama imeandikwa al-shaqiqa, au kitenzi kimeanza kwa ta ya kike, ni mwanamke. Jina la mtu likifuata, jina ndilo shahidi mwepesi zaidi.

Kwenye barua na mazungumzo, kabla ya kutafsiri jiulize kama ni udugu au ni heshima. Ammo ya Kiarabu na amu ya Kiajemi huitwa rafiki wa baba na mtu mzima yeyote wa barabarani. Syria na nchi jirani mtoto humwita baba wa kambo ammo, na mama wa kambo anaweza kuitwa khala. Mkwe naye huitwa ammi. Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba mkubwa humwita mtoto kwa jina la cheo chake yeye mwenyewe: ami anamwambia mtoto wa miaka mitano "taal ya ammo". Ukitafsiri "njoo, ami" umemgeuza mtoto kuwa mzee. Andika "njoo, mwanangu" au "njoo, baba", kama tunavyowabembeleza watoto wetu wa kiume.

Kwa Kiingereza, anko na anti ni kapu moja la pande zote mbili. Barua ya kawaida ikisomwa na familia, anko inatosha ikiwa umeshataja upande mara ya kwanza. Kwenye hati ya mirathi au viza usiiache peke yake. Andika maneno ya Kiingereza yenye maana ya "ndugu wa baba" au "ndugu wa mama" kila anapotajwa. Kwa watoto wao fanya vilevile, kwa sababu neno la Kiingereza la binamu halionyeshi hata jinsia.

Wakwe wa Kiajemi hawatakusumbua sana. Havu ni mke mwenza. Bajenagh ni mwanaume aliyeoa dada wa mkeo, na Kiswahili kina neno lake, mwanyumba, ingawa vijana wengi hawalijui. Ukiona msomaji atakwama, sema "mume wa shemeji yake". Jari, yaani wake wa ndugu wawili wanavyoitana, mwandike "mke wa ndugu wa mumewe". Zan-amu ni mke wa ami, na zan-dai ni mkaza mjomba.

Mwisho kagua barua zimetoka wapi. Kama ni Kabul au Herat, utakutana na kaka na mama, na zote mbili si zetu. Kaka kwa Kidari, Kiajemi cha Afghanistan, ni ndugu wa kiume wa baba, na mama, yenye irabu ndefu, ni mjomba. Barua inayosema mama amekwenda sokoni na ndevu zake hazijanyolewa haina kosa lolote la uchapaji.