Nimefuta video, System Data ndiyo imenenepa

Swali: Shikamoo fundi. Napiga video za harusi hapa Mtwara, natumia MacBook ya GB 256. Juzi nilifuta video za GB 70 na kumwaga Trash, lakini nafasi haikurudi. System Data ndiyo ilipanda kutoka GB 45 hadi 112! Diski yangu ya Time Machine niliiacha Lindi tangu Machi. Nifute nini bila kuharibu mashine?

Jibu: Marahaba kaka. Jibu limo kwenye hiyo diski ya Lindi.

Time Machine ikiwa imewashwa, Mac hupiga taswira ya diski yake ya ndani karibu kila saa na kuitunza kwa saa 24. Taswira moja hukaa zaidi, ile ya bakapu ya mwisho iliyofanikiwa. Kwako ni ya Machi. Taswira hainakili faili, inazuia tu data iliyokuwepo siku hiyo isifutwe diskini. Ukifuta video iliyokuwepo Machi, jina linaondoka, lakini data inabaki imeshikiliwa, na Mac inaihesabu kwenye System Data. Ndiyo maana GB 70 zimehama fungu badala ya kutoka.

Kwanza hakikisha kila harusi unayoihitaji iko mahali pengine, kwa sababu taswira hizo ndizo tumaini lako la mwisho kwa faili uliyoifuta kimakosa. Kisha fungua Terminal, uandike:

```
tmutil listlocalsnapshots /
```

Utaona mistari kama `com.apple.TimeMachine.2025-03-14-091522.local`. Chukua tarehe na saa ya ile ya zamani kuliko zote, uifute:

```
sudo tmutil deletelocalsnapshots 2025-03-14-091522
```

Itakuomba nenosiri, na herufi hazitaonekana ukiandika. Faili zako za sasa haziguswi, wala bakapu iliyoko Lindi. Mistari yenye `com.apple.os.update` iache kabisa, ni ya mfumo wenyewe.

Subiri dakika kadhaa, uangalie tena System Settings, General, Storage. Kama namba haijashuka sana, video hizo zimeshikwa pia na taswira za saa 24 zilizopita. Zifute vilevile, au ngoja hadi kesho zijiondoe. Mac huzifuta yenyewe nafasi ikibana, ila kwa mtu anayehamisha kadi nzima ya kamera usiku wa harusi, singependa uitegemee hiyo.

GB 45 za mwanzo ni jambo jingine. Kwa kazi yako, ningeanza na mabaki ya programu ya kuhariri. Kama ni Premiere, yako hapa:

```
~/Library/Application Support/Adobe/Common
```

Yafute ukiwa ndani ya Premiere, kwenye mipangilio ya Media Cache. Programu itayatengeneza upya ukifungua mradi, kwa hiyo siku hiyo itaanza polepole. Usiingie `/System` wala `/private/var` kufuta kwa mkono. Nimepokea mashine zilizogoma kuwaka kwa sababu hiyo.

Diski ya Lindi ikirudi, ichomeke bakapu ikamilike. Taswira ya kushikiliwa itakuwa ya siku hiyo, siyo ya Machi.