Video yako inaishaje? Maswali na majibu

Nafundisha kupika chapati. Nikisema tu "haya jamani, asanteni kwa kutazama", grafu ya watazamaji inaporomoka. Niseme nini badala yake?

Usiseme kitu. Mtu akisikia "haya jamani" anajua hakuna jipya tena, kidole chake kinakwenda kwenye video nyingine. Shukrani ziandike kwenye maelezo chini ya video, na mwisho uachie picha inayojibu jambo ulilolianzisha mwanzoni.

Tuseme ulifungua kwa kulalamika kwamba chapati zako hukakamaa zikilala. Basi usimalizie zikitoka motoni, maana chapati ya moto hata iliyokandwa vibaya huwa laini. Zifunike, ulale, asubuhi uwashe kamera. Chukua moja, ikunje mara nne, kisha ikunjue polepole. Haikupasuka? Umemaliza. Usiongeze "mmeona?", kwani wameona. Mkono ukishatulia, iache picha kama sekunde mbili hivi na sauti ya jikoni ikiendelea. Ukikata mkono ungali hewani, mtazamaji atadhani bando limekata.

Ikipasuka, huna mwisho, na pengine huna somo pia. Rudi kwenye unga.

Sasa wito wa kujisajili nitauweka wapi?

Katikati, mara tu baada ya kumpa mtu kitu cha kumfaa, kwa mfano ukishamwonyesha namna ya kulikunja donge kabla ya kusukuma. Sentensi moja inatosha.

Skrini ya mwisho ya YouTube, ile yenye vibandiko vya video nyingine, inaruhusiwa kuchukua kati ya sekunde 5 na 20 za mwishoni. Wengi huchukua 20 zote, halafu kibandiko kinakuja kukaa juu ya chapati yenyewe wakati inakunjuliwa. Wewe chukua 7 au 8, zianze baada ya tukio. Kamera ibaki palepale, labda chai inamiminwa, na upande mmoja wa meza uwe mtupu. Huo utupu uupange siku ya kurekodi. Kwenye kuhariri umeshachelewa.

Na TikTok?

Kule video inajirudia yenyewe, kwa hiyo mwisho uingie mwanzoni. Kama picha ya kwanza ni mkono unaochota unga, ya mwisho iwe mkono uleule ukielekea kwenye bakuli.

Nimesharekodi kila kitu na sina picha ya kumalizia. Siwezi kupika upya.

Pitia vipande ulivyovitupa, hasa vile vya baada ya wewe kudhani umezima kamera. Mara nyingi kuna mtoto anayenyakua chapati, au wewe mwenyewe unayeonja ukasahau unatazamwa. Hicho ndicho. Kichekesho cha kuigiza sikipendi, kinajulikana upesi. Ukikosa kabisa, kata kwenye hatua ya mwisho yenye maana na uiache video iwe fupi.